Kuwafundisha vijana kuanguka bila kuvunjika na kuondoka mapema: mwongozo kwa walimu na walezi wa Moshi

Masika yakikaribia, walimu wa michezo na walezi wa vikundi vya vijana hapa Moshi huniuliza maswali yaleyale. Nianze na nini? Lazima niwe na mikeka ya judo? Ngumi niwafundishe lini? La mwisho nalijibu kwa kifupi: usiwafundishe. Kijana aliyejifunza ngumi mbili tatu siku ya Jumamosi husimama kupigana mahali alipotakiwa kukimbia, na anayemkabili huenda ana kisu au wenzake wawili.

Nitakayoeleza hapa yanakutosha wewe mwenye vijana wa miaka 12 hadi 17, ukumbi wa parokia au uwanja wa shule, bila mkanda wowote kiunoni. Hakuna kupambana, hakuna kukabana, hakuna kurushana. Kuna kuanguka, kunyanyuka, kupaza sauti na kuondoka. Kuanguka kumechukua nafasi kubwa kwa sababu ndiko wanakokutana nako kila siku: mteremko wa udongo mwekundu wa Kibosho ukilowa, ukingo wa mfongo, ngazi za daladala, mkoba unapovutwa na mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda.

Kabla hujaanza, hakikisha una vitu hivi:

- Eneo laini. Mikeka ya judo ikipatikana ni bora. Isipopatikana, tumia magodoro magumu ya inchi 3 yaliyobanwa pamoja, juu yake blanketi, juu ya blanketi turubai lililovutwa likakaza. Kingo zake zibanwe na viroba vya mchanga vilivyowekwa nje kabisa ya eneo la kuangukia. Kila kijana apate nafasi ya mita 2 kwa 2.
- Vijana wasiozidi 12 kwa mwalimu mmoja, na watu wazima wawili muda wote. Kama kuna wasichana, mmoja wa hao awe mwanamke.
- Ruhusa ya mzazi kwa maandishi, yenye maswali ya afya: kifafa, pumu, siko seli, mfupa uliowahi kuvunjika, maumivu ya shingo au mgongo. Mwenye lolote kati ya hayo apate kwanza neno la daktari.
- Nguo za michezo zinazofunika magoti. Hereni, saa, cheni, pini na simu ziwekwe kando. Nywele zisifungwe fundo kisogoni wala zisiwe na shanga ngumu, na hijabu ifungwe bila pini. Viatu vivuliwe.
- Leso moja kwa kila kijana. Utaona kazi yake.

Kuhusu godoro, usidanganyike na ulaini. Godoro la sponji jepesi linadidimia, mguu unazama na kifundo kinateguka, halafu kijana hajifunzi kukunja mgongo kwa sababu hata akianguka vibaya haumii. Nyasi zinafaa kwa hatua za chini tu, baada ya kuokota mawe na vipande vya chupa. Sakafu ya saruji haifai kwa hatua yoyote.

Jambo lingine: wewe mwenyewe uweze kila hatua kabla ya kuifundisha. Kama hapo mlipo kuna mwalimu wa judo, mwombe akutazame ukianguka. Wao huita ukemi, na jicho lake litaona kichwa chako kikirudi nyuma kabla wewe hujajua.

Hatua 1 hadi 3 zinajaza kipindi cha kwanza cha saa moja. Usiharakishe ili umalize zote siku moja.

1. Kanuni ya mkono, kabla ya zoezi lolote

Waambie kwamba hapa hakuna anayemgusa mwenzake bila kuuliza, na wewe ni wa kwanza kuifuata. Ukitaka kumrekebisha mtu bega, muulize: "Naweza kukushika bega?" Akisema hapana, mwoneshe kwa mwili wako mwenyewe na uendelee bila kununa. Wajaribu kila mmoja na mwenzake: mmoja anauliza, mwingine anakataa, aliyeuliza anasema "sawa" na kurudi nyuma hatua moja. Wataanza kwa kucheka. Waache wacheke, kisha warudie mpaka "hapana" itoke bila tabasamu na bila maelezo. Kijana aliyelelewa kumwitikia kila mkubwa huhitaji kulisema neno hilo kwa sauti mara nyingi kabla halijawa lake.

2. Kulala na kupiga mkeka

Walale chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kila mmoja akunje leso yake na kuibana kati ya kidevu na kifua. Kichwa kinanyanyuka kidogo na macho yanatazama kitovu. Leso ikidondoka, kisogo kimekwenda chini.

Sasa mikono. Waipishanishe kifuani, kisha waipige chini yote miwili kwa pamoja, viganja vikitazama mkeka. Mkono mzima, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ufike kwa wakati mmoja. Uwe umeachana na ubavu kwa nyuzi 30 hadi 45. Ukipanda hadi usawa wa bega, mshtuko unaingia kwenye kiungo cha bega. Ukibanwa karibu mno na mwili, kijana ataulalia mkono wake mwenyewe na kiwiko kitamchoma mbavu. Wanapopiga watoe pumzi kwa sauti, "ha!", maana aliyebana pumzi hukaza mwili wote, na mwili uliokazwa unapokea kishindo chote mahali pamoja.

Mapigo 10 yanatosha, kisha wapumzike. Sababu ya kupumzika ni shingo. Misuli ya shingo ikichoka, kidevu kinaachia, na leso zinaanza kudondoka moja baada ya nyingine ukumbi mzima. Ukiona hivyo, acha zoezi la mgongo kwa siku hiyo hata kama saa haijafika.

3. Kuanguka nyuma kutoka kukaa, kisha kuchuchumaa

Waanze wamekaa, magoti yamekunjwa, mikono imepishana kifuani, leso chini ya kidevu. Wakunje mgongo na kujiachia nyuma. Mgongo uviringike kama kibuyu kilicholazwa: makalio, kiuno, mgongo, mabega, kwa mfuatano huo. Mikono inapiga mkeka mabega yanapofika chini, wala si kabla. Miguu inapanda juu kidogo, lakini isipite kichwa, kwa sababu ikipita uzito unahamia shingoni.

Wakizoea, wachuchumae. Makalio yashuke karibu kabisa na visigino, ndipo wajiachie. Kosa utakaloliona ni kijana kuruka nyuma akiwa bado juu, akatua kwa makalio kwa kishindo. Mwambie aketi karibu na visigino vyake, asiketi mbali.

Kosa kubwa kuliko yote ni mkono kutangulia nyuma. Mtu akihisi anaanguka, mkono hunyooka wenyewe kuitafuta ardhi, na uzito wote unapita kwenye kifundo cha mkono, kiwiko na hadi mtulinga. Mifupa huvunjika hapo.

Nilikuwa na binti wa kidato cha pili ambaye kwa kukaa alifanya vizuri kuliko wote, lakini akichuchumaa mkono wa kulia ulikwenda nyuma kila mara. Kumwambia "usiweke mkono" hakukusaidia, kwa sababu hakuwa akiamua kuuweka. Tulimrudisha kukaa, tukampa sweta lililokunjwa alikumbatie kwa mikono yote miwili, na tukafuta kabisa kupiga mkeka. Akawa anaviringika tu nyuma na mbele amekumbatia sweta. Kisha akakalia godoro lililokunjwa mara mbili, juu kidogo ya mkeka, bado na sweta. Kisha akachuchumaa nalo. Mgongo wake ulipokwisha kujua kwamba chini kuna mahali pa kutua, tuliondoa sweta, akapishanisha mikono kifuani bila kupiga. Kupiga kulirudi kipindi kilichofuata. Tazama mpangilio huo: mkono ulipewa kazi nyingine kwanza, urefu ukapandishwa kidogo kidogo, na kila mara kilibadilishwa kitu kimoja tu.

Kuanguka nyuma kutoka kusimama usikuruhusu mpaka kijana achuchumae na kuanguka mara 5 mfululizo, leso ikiwa mahali pake na mikono haijatangulia. Hata hapo, "kusimama" maana yake ni kusimama, kuchuchumaa, kujiachia, kwa mwendo mmoja. Hakuna wa kumsukuma. Ukimruhusu mmoja amsukume mwenzake kwa mzaha, kipindi kimegeuka mchezo mwingine.

4. Kuanguka ubavu

Hapa ndipo mtelezo wa udongo ulipo. Kijana achuchumae, anyooshe mguu wa kulia mbele ukikatiza kuelekea kushoto, makalio ya kulia yashuke, kisha aviringike kwa paja la kulia, nyonga na ubavu. Mkono wa kulia unapiga mkeka, wa kushoto unabaki tumboni. Kidevu kielekee kifuani, macho yatazame mkono wa kushoto. Baada ya upande wa kulia, ufanyeni wa kushoto kwa idadi ileile, maana kila mtu ana upande anaoukimbia.

Kiwiko kikitangulia chini, mwambie arefushe mkono na kuupiga mbali zaidi mbele ya paja. Magoti yakigongana, mwambie aiachanishe miguu.

Kuanguka mbele nafundisha kutoka magotini tu. Mikono inakuja mbele ya uso, viganja na vigasha vinatua pamoja, uso umegeuzwa pembeni, tumbo halifiki chini. Kubiringika kwa bega nakuacha kabisa kwenye kipindi cha namna hii. Ni zoezi zuri na vijana hulipenda, lakini anayelikosea hulikosea kwa shingo, na kulisimamia kwa watu 12 kunahitaji mwalimu aliyelifanya miaka mingi.

5. Kunyanyuka ukiwa unatazama

Ukianguka umemaliza nusu ya kazi. Kijana amelala ubavu wa kulia. Kiganja cha kulia kinakaa chini, nyuma kidogo ya nyonga. Mguu wa kushoto umekunjwa, unyayo umekanyaga karibu na makalio. Mkono wa kushoto uko mbele ya uso, kiganja wazi. Sasa anasukuma kwa kiganja cha kulia na unyayo wa kushoto, makalio yananyanyuka, mguu wa kulia unapita chini yake kurudi nyuma, na tayari amesimama. Macho hayakushuka hata mara moja. Anarudi nyuma hatua mbili, anageuka, anakimbia.

Wengi watataka kugeuka kifudifudi na kunyanyuka kwa magoti na mikono, kama wanavyoamka kitandani. Wakifanya hivyo wanakupa mgongo. Simama mita 3 mbele ya kijana, onesha vidole vyako na ubadilishe idadi wakati ananyanyuka, naye aitaje. Asipoiona, alikuwa anatazama sakafu.

6. Umbali, mikono na sauti

Wapange wawili wawili, mita 5 kati yao. Mmoja anatembea polepole kumwelekea mwenzake. Anayesubiri anapoona umbali umebaki wa mikono miwili, anarudisha mguu mmoja nyuma, viganja wazi usawa wa kifua, na kusema kwa sauti ya tumboni: "Simama hapo!" Anayetembea lazima asimame papo hapo. Hakuna kugusana. Mikono wazi inalinda uso na inawaonesha watazamaji nani hataki ugomvi.

Kisha fundisha maneno ya kuwaambia watu walio karibu. Mtaani kwetu mtu mzima akimvuta kijana, wapita njia hudhani ni mzazi anamrudi mwanawe. "Niache!" haitoshi, kwa kuwa hata mtoto anayekataa kwenda shule husema hivyo. Wafundishe kupaza: "Simjui huyu! Si baba yangu!" Na wamtaje mtu mmoja kwa alama: "Mama mwenye kitenge cha njano, nisaidie!" Aliyetajwa hivyo hawezi kujifanya hakusikia.

Kwa mtu wanayemjua maneno ni mengine. Bodaboda wa kila siku, jirani, mjomba, mwalimu wa twisheni: "Sitaki. Naenda nyumbani." Hapa vijana hukuuliza kuhusu adabu, na wana haki ya kuuliza. Mimi huwaambia kwamba "shikamoo" inaweza kutolewa huku unatembea. Salamu haikulazimishi kusimama, wala kupanda pikipiki, wala kuingia ndani. Tulifanye zoezi: mmoja ni mkubwa anayeita "hebu njoo mara moja", mwingine anaamkia, anaitikia kwa heshima na kuendelea na safari bila kupunguza mwendo.

Na mkoba ukivutwa, uachie. Aliyeung'ang'ania ndiye anayeburutwa.

7. Kuunganisha

Kipindi cha mwisho, fanyeni mfululizo mmoja kwa mwendo wa taratibu. Kijana anaona mtu, anarudi nyuma, anapaza sauti, anajiangusha mwenyewe ubavu, ananyanyuka akitazama, anakimbilia mahali ulipopachagua. Mahali hapo pawe na jina: duka la Mangi, mama ntilie, kijiwe cha boda chenye watu wengi. Waambie kila mmoja achore njia yake ya kutoka shule hadi nyumbani na kuweka alama tatu za mahali pa kukimbilia. Ramani hizo mzipitie pamoja, maana duka linalofungwa saa kumi na mbili halimsaidii anayetoka twisheni saa moja usiku.

Mambo yakienda kombo

*Amejigonga kisogo.* Amemaliza kwa siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Mjulishe mzazi kwa simu, si kwa barua. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akiona vitu viwili viwili au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja, Mawenzi au KCMC, yoyote iliyo karibu.

*Analalamika shingo, au mikono inakufa ganzi.* Usimnyanyue wala usimgeuze. Abaki alivyo, mtu mmoja amtulize kichwa, mwingine aite msaada.

*Anaumwa tumbo siku ya pili.* Yamkini ni misuli ya kunyanyua kichwa. Punguza idadi. Maumivu ya kifundo cha mkono ni jambo jingine: yanakwambia mkono bado unatangulia. Kifundo kikivimba, kipigwe picha.

*Turubai linateleza.* Limelowa jasho au halijakazwa. Lipangusie kitambaa kikavu kila baada ya zoezi, na kama mvua inanyesha na ukumbi hauna madirisha mazuri, fanyeni hatua ya 6 tu siku hiyo.

*Kijana hataki kuanguka kabisa.* Mwache afanye kulala na kupiga, na hatua ya sauti. Usimshinikize mbele ya wenzake. Huenda kulazwa chini kunamkumbusha kitu.

*Wavulana wanadai ngumi.* Wape kipimo: nani anaweza kunyanyuka kutoka chini, kutaja vidole vyangu na kufika mlangoni wa kwanza? Hiyo inawachosha vya kutosha.

*Baada ya kipindi kijana anakwambia kuna mtu anamfanyia mabaya.* Hili hutokea hasa baada ya hatua ya 6, kwa hiyo jiandae kabla. Msikilize mahali mnapoonekana ingawa hamsikiki. Usimhoji kama polisi na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utalazimika kusema. Mwambie umemsikia na kwamba kosa si lake. Piga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Usianze kwa kuita familia kabla hujajua anayetajwa ni nani, kwani huenda ndiye atakayepokea simu. Jioni hiyohiyo andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe, kisha karatasi hiyo uifungie mahali ambapo mwingine hawezi kuisoma.